Majedwali Mawili Yanatosha

Una nyaya nne zinazoleta data: d0, d1, d2 na d3. Una nyaya nyingine mbili za kuchagulia, s1 na s0. Ukizisoma hizo mbili kwa pamoja, s1 ikitangulia, 00 maana yake tokeo liwe sawa na d0, 01 liwe d1, 10 liwe d2, na 11 liwe d3. Wahandisi hukiita kifaa cha namna hii multipleksa. Hapa nitakiita kiteuzi, kwa sababu kazi yake ni kuteua. Sasa umepewa chipu ya FPGA iliyojaa majedwali madogo, kila moja lina maingizo manne na tokeo moja. Utahitaji majedwali mangapi ili kukijenga kiteuzi hicho?

Wengi hujibu matatu, na hoja yao ni nzuri: jedwali la kwanza lichague kati ya d0 na d1, la pili kati ya d2 na d3, la tatu lichague kati ya washindi wawili. Ukikijenga hivyo kitafanya kazi bila hitilafu yoyote. Lakini jibu sahihi ni mawili, na njia ya kulifikia hufundisha mambo mengi kuhusu kuhesabu majedwali kuliko mazoezi ya kurasa nzima.

Kwanza tuelewane kuhusu jedwali lenyewe. Chipu ya kawaida hutoka kiwandani ikiwa imeshachongwa kazi yake. Geti za mantiki zimekaa mahali pake na hazibadiliki tena. FPGA haiko hivyo. Hutoka kiwandani bila kazi maalumu, na mnunuzi ndiye anayeipa kazi kwa kuipakia faili. Ndani yake, mantiki haijengwi kwa geti bali kwa kumbukumbu ndogo sana. Jedwali lenye maingizo manne ni kumbukumbu ya biti 16 tu. Maingizo manne yakiunganishwa yanatoa michanganyiko 16, kuanzia 0000 hadi 1111, na kila mchanganyiko unaelekeza kwenye biti moja iliyohifadhiwa. Biti hiyo ndiyo tokeo. Ukijaza biti zote sifuri isipokuwa ya mwisho, umepata geti ya «na» ya maingizo manne. Ukijaza kwa mpangilio mwingine, umepata kitu kingine kabisa. Kwa kuwa kila biti kati ya hizo 16 inaweza kuwa sifuri au moja, jedwali moja linaweza kuwa fanksheni yoyote kati ya 65,536.

Hapo pana jambo linalowapotosha waliozoea kuhesabu geti. Kwa jedwali, hakuna fanksheni rahisi wala ngumu. Mstari wa mantiki wenye geti 15 na vigeuzi sita, mradi tu unategemea maingizo manne, unaingia kwenye jedwali moja sawasawa na geti moja ya «au». Kigeuzi, kile kinachogeuza moja kuwa sifuri, hakigharimu chochote. Unabadilisha biti zilizomo na basi. Kwa hiyo mtu akikupa mchoro wenye geti 20 na kuuliza majedwali mangapi, usigawanye 20 kwa chochote. Uliza kwanza tokeo linategemea maingizo mangapi.

Wazo hili la jedwali la maingizo manne ni la zamani kidogo. Chipu ya XC2064 ya kampuni ya Xilinx, iliyotoka mwaka 1985, ilikuwa na vizuizi 64 vya mantiki, na kila kizuizi kiliweza kubeba fanksheni yoyote ya maingizo manne, au kugawanyika kubeba mbili za maingizo matatu. Kwa nini manne? Kwa sababu kila ingizo unaloongeza linazidisha kumbukumbu mara mbili: manne ni biti 16, matano ni 32, sita ni 64. Jedwali likiwa dogo mno, unahitaji mengi na nyaya za kuyaunganisha zinakula nafasi. Likiwa kubwa mno, biti nyingi zinakaa bure. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Jonathan Rose na wenzake, walilipima suala hili na mwaka 1990 wakachapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa kwa upande wa nafasi kwenye silikoni, maingizo manne ndiyo yanayolipa zaidi. Hadi leo kuna chipu zinazofuata kipimo hicho. Familia ya iCE40 ya kampuni ya Lattice ni mojawapo, na ndiyo nitakayoitumia kwa mifano.

Turudi kwenye kuhesabu. Kabla ya kujenga chochote, ni vizuri kujua idadi ambayo huwezi kushuka chini yake. Hesabu yake ni fupi. Majedwali n yana matundu ya kuingilia 4n kwa jumla. Lakini majedwali yote isipokuwa la mwisho lazima tokeo lake liingie kwenye jedwali lingine, la sivyo halina kazi. Kwa hiyo matundu n − 1, kwa uchache, yamekaliwa na matokeo ya ndani. Yanayobaki kwa maingizo kutoka nje ni

```
4n − (n − 1) = 3n + 1
```

Jedwali moja linabeba maingizo manne, mawili yanabeba saba, matatu kumi, matano kumi na sita. Kiteuzi chetu kina maingizo sita: data nne na vichaguzi viwili. Jedwali moja halitoshi, na mawili yana nafasi ya saba. Kwa hiyo sakafu ni mawili, na anayesema matatu anadaiwa maelezo kwa nini mawili yashindwe.

Kuna fanksheni zinazokaa juu ya sakafu hii bila shida. Chukua nyaya 16 na uulize kama idadi ya zilizo na moja ni witiri au shufwa. Swali hili hutumika kila siku kugundua biti iliyoharibika wakati data inasafirishwa. Majedwali manne yanachukua nyaya nne nne, kila moja linajibu witiri au shufwa kwa kundi lake, na la tano linayakusanya majibu manne. Matano tu, na fomula inasema haiwezekani kushuka chini ya hapo. Sababu ya urahisi huu ni kwamba kundi la nyaya nne lina jambo moja tu la kulisema kwa wengine, nalo linaingia kwenye biti moja.

Maneno hayo, jambo moja tu la kulisema, ndiyo ufunguo wa shughuli yote. Waya unaotoka kwenye jedwali moja kwenda lingine unabeba biti moja. Swali la kweli si una maingizo mangapi, bali upande wa nyuma unahitaji kuuambia upande wa mbele mambo mangapi tofauti.

Tukitazame kiteuzi kwa macho hayo. Tuseme jedwali la pili, lile linalotoa jibu la mwisho, linaona d2, d3 na s1 moja kwa moja, na tundu lake la nne limepokea waya kutoka jedwali la kwanza. Tuuite waya huo x. Jedwali la kwanza linaona d0, d1 na s0, na bado lina tundu moja tupu. Je, jedwali la kwanza lina mambo mangapi ya kuliambia la pili? Linahitaji kusema thamani ya data iliyochaguliwa kati ya d0 na d1, na pia linahitaji kusema s0 ni ngapi, maana la pili halioni s0 na bila hiyo haliwezi kuchagua kati ya d2 na d3. Hayo ni mambo mawili yenye hali mbili kila moja, yaani hali nne. Waya mmoja hautoshi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye majedwali matatu.

Lakini tundu lile tupu lipo. Tulipe s1, hata kama jedwali la pili nalo linaiona. Mambo yanabadilika kabisa. s1 ikiwa sifuri, jibu litatoka kwa d0 au d1, na jedwali la pili halina haja ya kujua s0. Linahitaji tu thamani iliyochaguliwa. s1 ikiwa moja, jibu litatoka kwa d2 au d3, na jedwali la pili halina haja na d0 wala d1. Linahitaji s0 peke yake. Kwa kila hali ya s1 kuna jambo moja tu la kusema. Na kwa kuwa majedwali yote mawili yanaiona s1, yote mawili yanajua waya x una maana gani kwa wakati huo. Waya uleule unabeba data wakati mmoja na kichaguzi wakati mwingine.

Sasa tuyajaze majedwali kwa biti halisi. Katika iCE40, jedwali huitwa `SB_LUT4`, na maingizo yake ni `I0` hadi `I3`. Biti 16 huandikwa kama tarakimu nne za heksadesimali, na `I3` ndilo ingizo zito kuliko yote. Kwenye jedwali la kwanza tuweke d0 kwenye `I0`, d1 kwenye `I1`, s0 kwenye `I2` na s1 kwenye `I3`. Kila tarakimu ya heksadesimali sasa inalingana na hali moja ya s1 na s0.

Hali ya 00 inataka kutoa d0. Michanganyiko minne ya d1 na d0 ni 00, 01, 10, 11, na d0 ndani yake ni 0, 1, 0, 1. Ukiziandika kuanzia biti nzito unapata 1010, yaani A. Hali ya 01 inataka d1, ambayo ni 0, 0, 1, 1. Kuanzia biti nzito ni 1100, yaani C. Hali ya 10 inataka kusema s0 tu, nayo ni sifuri, kwa hiyo biti zote nne ni sifuri. Hali ya 11 nayo inasema s0, ambayo ni moja, kwa hiyo biti zote ni moja, yaani F. Zikipangwa kuanzia hali ya juu kushuka: F0CA.

Jedwali la pili tulipe d2 kwenye `I0`, d3 kwenye `I1`, x kwenye `I2` na s1 kwenye `I3`. s1 ikiwa sifuri, tokeo ni x yenyewe: x sifuri inatoa 0, x moja inatoa F. s1 ikiwa moja, x ndiyo s0: x sifuri inachagua d2, yaani A, na x moja inachagua d3, yaani C. Zikipangwa: CAF0. Nusu mbili za lile la kwanza zimebadilishana nafasi.

```verilog
SB_LUT4 #(.LUT_INIT(16'hF0CA)) t1
  (.O(x), .I0(d0), .I1(d1), .I2(s0), .I3(s1));
SB_LUT4 #(.LUT_INIT(16'hCAF0)) t2
  (.O(y), .I0(d2), .I1(d3), .I2(x), .I3(s1));
```

Jaribu hali moja kwa kalamu kabla ya kuniamini. Weka s1 moja na s0 sifuri; tunatarajia d2. Jedwali la kwanza lipo kwenye hali ya 10, ambayo tarakimu yake ni 0, kwa hiyo x ni sifuri hata d0 na d1 ziwe nini. Jedwali la pili linaona s1 moja na x sifuri, tarakimu yake ni A, na A ndiyo d2. Hali tatu zilizobaki zinakwenda vivyo hivyo.

Mtu anaweza kudhani kwamba, kwa kuwa maingizo sita yameingia kwenye majedwali mawili, basi maingizo matano yataingia kwa urahisi zaidi. Hapa ndipo fomula ya sakafu inapomdanganya anayeitegemea peke yake. Chukua vitambuzi vitano vya joto kwenye tangi moja, kila kimoja kinasema moja kama joto limezidi, na unataka kengele ilie vikikubaliana vitatu au zaidi. Ni kura ya walio wengi, maingizo matano. Sakafu inasema majedwali mawili. Haiwezekani, na tunaweza kuthibitisha kwa aya moja.

Tuseme ipo njia ya majedwali mawili. Jedwali la mwisho lina matundu manne, moja limekaliwa na x, kwa hiyo linaona vitambuzi vitatu kwa wingi wake. Tuviite a, b na e. Viwili vilivyobaki, c na d, linavifahamu kupitia x tu. Jedwali la kwanza lina c na d, na matundu mawili ya kukopa kutoka kwa a, b au e. Kwa kuwa vitambuzi vyote vina haki sawa, tuseme limekopa a na b. Sasa fikiria wakati a ni moja na b ni sifuri. Kura moja imeshapigwa, zinatakiwa mbili zaidi kutoka kwa c, d na e. Kama c na d zote ni sifuri, kengele hailii kwa vyovyote. Kama zote ni moja, inalia kwa vyovyote. Kama moja tu kati yake ni moja, jibu linategemea e. Hizo ni hali tatu tofauti ambazo jedwali la mwisho lazima lizitofautishe, na waya x una hali mbili tu. Hakuna namna ya kuzijaza biti 16 itakayoondoa tatizo hilo, kwa kuwa kasoro iko kwenye waya, si kwenye jedwali. Kura ya watano inahitaji majedwali matatu.

Na matatu yanatosha, kwa hii kura na kwa fanksheni yoyote ile ya maingizo matano. Njia yake inajulikana kwa jina la Claude Shannon. Chagua ingizo moja, tuseme e. Jedwali moja lijazwe majibu ya wakati e ni sifuri, jingine lijazwe majibu ya wakati e ni moja, na la tatu lichague kati yake kwa kuiangalia e. Fanksheni za maingizo matano ni 4,294,967,296, na hakuna hata moja itakayokudai jedwali la nne. Kwa maingizo sita unafungua mara mbili: majedwali manne ya majibu, halafu kiteuzi cha kuchagua mojawapo. Kwa kuwa sasa tunajua kiteuzi hicho ni majedwali mawili, jumla ni sita. Aliyebaki na kiteuzi cha majedwali matatu atahesabu saba, na kwenye mtihani hapo ndipo alama inapopotea.

Kwa hiyo fanksheni ya maingizo matano itagharimu majedwali mawili au matatu kama inayatumia maingizo yote, na swali la kuamua ni lilelile: gawa maingizo pande mbili, hesabu hali ambazo upande wa nyuma unahitaji kuzitofautisha. Robert Ashenhurst ndiye aliyeliweka swali hili katika umbo la hesabu, mwaka 1957, takriban miaka 28 kabla ya chipu ya kwanza ya Xilinx. Aliichora fanksheni kama chati, maingizo ya nyuma yakiwa safu wima na ya mbele yakiwa mistari, kisha akahesabu safu wima ngapi ni tofauti. Zikiwa mbili, waya mmoja unatosha. Zikiwa tatu au nne, unahitaji nyaya mbili. Mbinu yetu ya kuliazima s1 pande zote mbili ni sawa na kuikata chati vipande viwili na kuhesabu safu za kila kipande peke yake.

Mpaka hapa tumekuwa na tokeo moja. Saketi za kweli zina matokeo mengi, na hapo kosa jingine hujitokeza. Tuseme g ni «a na b», na g inatumika sehemu mbili: tokeo la kwanza linauliza kama kati ya g, c na d idadi ya moja ni witiri, na la pili linasema «g, au e na f kwa pamoja». Ukiutazama mchoro, g inaonekana kama sehemu muhimu, maana nyaya mbili zinatoka hapo, na mkono unakimbilia kuipa jedwali lake. Hesabu inakuwa matatu. Lakini tokeo la kwanza linategemea a, b, c na d: maingizo manne, jedwali moja. La pili linategemea a, b, e na f: manne tena, jedwali moja. g imehesabiwa mara mbili, mara moja ndani ya kila jedwali, na yenyewe haionekani popote kwenye chipu. Kurudia kazi kumepunguza gharama. Anayetoka kwenye dunia ya geti huona hili kama ubadhirifu, lakini jedwali linalipwa kwa idadi, halilipwi kwa kilichomo.

Sasa nani anafanya hesabu hizi kwenye mradi wenye fanksheni elfu kadhaa? Programu. Mhandisi anaandika maelezo ya saketi, na programu ya usanisi inayageuza kuwa mtandao wa geti ndogo za «na» pamoja na vigeuzi, kisha inaukata mtandao huo vipande ambavyo kila kimoja kina nyaya zisizozidi nne zinazoingia. Kila kipande kinakuwa jedwali. Kazi ya kukata ili njia ndefu kuliko zote ipite kwenye majedwali machache iwezekanavyo ilipata suluhisho kamili: mwaka 1994 Jason Cong na Yuzheng Ding walichapisha algorithimu ya FlowMap, inayolipata jibu bora kwa muda unaovumilika. Lakini hilo ni jibu la kina, yaani kasi. Kupata idadi ndogo kabisa ya majedwali kwa mtandao wowote ni tatizo la kundi lile ambalo hakuna ajuaye njia ya haraka ya kulimaliza, kwa hiyo programu hukisia kwa busara.

Tena kukata kuna upofu wake. Ukiipa programu mchoro wa kiteuzi uliojengwa kwa viteuzi vidogo vitatu, na ikakata tu bila kufanya lingine, itakupa majedwali matatu. Waya wetu x, ule unaobeba data kisha unabeba s0, haupo popote kwenye mchoro huo. Huwezi kukata mahali ambapo pa kukatia hapapo. Ndiyo maana programu nzuri huwa na hatua nyingine za kuisahau sura ya mchoro, kuirudia fanksheni yenyewe na kuijenga upya kwa umbo jingine kabla ya kukata tena. Hatua hizo zinafaulu mara nyingi, si kila mara, na toleo moja la programu linaweza kutoa idadi tofauti na toleo lililofuata kwa maandishi yaleyale.

Kwa iCE40 unaweza kujionea bila kununua chipu, kwa programu huria ya Yosys:

```
yosys -p "read_verilog teua4.v; synth_ice40 -top teua4; stat"
```

Mwishoni mwa ripoti tafuta mstari wa `SB_LUT4`. Namba iliyo kando yake ndiyo idadi ya majedwali. Ukiona 2, programu imeupata ule ujanja. Ukiona 3, imekata mchoro ulivyoukuta. Ukiona 1 au 0, usifurahi: karibu kila mara ina maana kwamba umeacha ingizo bila kuliunganisha au umelifunga kwenye thamani moja, na programu imeondoa sehemu isiyo na kazi. Namba iliyo chini ya sakafu ya 3n + 1 haiwezi kuwa ya saketi uliyokusudia, na huo ni ukaguzi wa sekunde chache ambao watu wengi huuruka.

Ripoti inayofuata, ya programu ya kupanga majedwali kwenye chipu, mara nyingi hutaja namba kubwa zaidi, na mgeni hudhani programu moja imekosea. Hapana. Programu ya nextpnr huhesabu seli, kwa jina la `ICESTORM_LC`, si majedwali. Katika iCE40 kila seli ina jedwali moja na flip-flopu moja, ile ya kuhifadhi biti mpaka mpigo wa saa ufuatao, na flip-flopu hupokea data yake kupitia jedwali la seli yake. Kama jedwali lako linatoa tokeo linaloingia moja kwa moja kwenye flip-flopu, vyote viwili vinakaa seli moja. Lakini flip-flopu inayopokea waya kutoka nje bila mantiki yoyote inachukua seli nzima, na jedwali lake linafanya kazi ya kupitisha tu. Rejista ya biti 32 inayohifadhi data iliyoingia bila kuibadilisha haina fanksheni hata moja ya kuhesabu, lakini imekula seli 32 kati ya 1,280 zilizomo kwenye chipu ya HX1K.

Xilinx wenyewe waliliacha jedwali la maingizo manne kwenye familia yao ya Virtex-5, iliyotangazwa mwaka 2006, wakaenda kwenye maingizo sita. Hapo kiteuzi chetu kinaingia chote kwenye jedwali moja, bila ujanja wa s1, na kura ya vitambuzi vitano nayo inaingia kwenye moja huku ingizo moja likibaki wazi. Lakini jedwali hilo ni biti 64, ilhali F0CA na CAF0 kwa pamoja ni biti 32. Faida imekuja upande mwingine: ishara inapita jedwali moja badala ya mawili, na waya x hauhitaji tena kutafutiwa njia ya kupita kati ya nyaya nyingine.